Namna ya kuingia kwenye kazi za sherehe wikendi kupitia mitambo ya mziki, kuanzia kubeba waya mpaka shughuli yako ya kwanza

Kwenye shughuli za wikendi hapa Dar mtu anaingia kwa milango kama minne hivi, mapambo, mapokezi (wale wanaopokea kadi mlangoni na kuwaonyesha wageni meza), mitambo ya mziki, na ushereheshaji. Watu wengi wanakimbilia ushereheshaji kwa sababu ndo unaonekana, afu wanashangaa mbona mwaka unaisha hajaitwa hata mara moja. Hakuna kamati itakayompa maiki mtu ambaye hawajawahi kumsikia. Mapambo nayo yanataka mtaji wa vitambaa na maua au uwe na mpambaji anayekuchukua saa kumi na moja alfajiri. Mapokezi ni rahisi kuingia ila ukishavaa sare na kutabasamu usiku mzima hamna cha kujifunza zaidi, mwakani uko pale pale.

Mimi niliingia kwa mitambo na ndo mlango ninaoujua, kwa hiyo naandika huo tu. Uzuri wake ni kwamba kila Jumamosi kuna mtu mwenye vyombo anayehitaji mikono miwili ya kubeba, hiyo mikono haiulizwi cheti, na ukiwa nyuma ya miksa unamuona mshereheshaji, mpambaji, mtu wa video na mama wa chakula wote wakifanya kazi. Pia anayekupa kazi ya pili mara nyingi sio bwana harusi, yeye anaoa mara moja. Ni mshereheshaji. Yeye ana shughuli wiki ijayo na ile nyingine, na akishapata mtu ambaye maiki haimlilii kwenye mikono hataki kumuacha.

Kwanza tafuta mtu mwenye vyombo, usitafute tangazo

Hizi kazi hazitangazwi. Shughuli inapangwa na kamati, kamati inakaa vikao wiki hadi wiki, kuna mwenyekiti, katibu, mtunza hazina, afu kuna watu waliopewa ukumbi, chakula, mapambo, mziki. Mtu wa mziki anampigia mwenye vyombo anayemjua. Huyo mwenye vyombo ndo unayemtaka wewe, na unampata ukienda alipo, yaani ukumbini mchana kabla shughuli haijaanza. Jumamosi kuanzia saa sita hivi pita kwenye kumbi za mtaani kwenu, Sinza, Kimara, Mbezi, Tabata, popote, utakuta kirikuu kimepaki kwa nyuma kinashusha spika. Usiende usiku, usiku ana presha na hatakusikiliza. Mchana wakati wa kushusha ndo anahitaji mtu.

Salimia, jitambulishe, saidia kubeba hata kama hajakuambia ubebe, ila usishike kitu chenye vitufe. Akikuuliza unajua mitambo mwambie ukweli hujui. Namba ukipata mtumie ujumbe siku ya Jumatatu au Jumanne, sio Ijumaa usiku. Mimi nilituma hivi:

"Habari kaka, ni yule kijana wa Jumamosi niliyesaidia kushusha spika pale ukumbini. Nakaa Kimara, niko huru Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Mitambo sijui ila kubeba, kufunga stendi na kukunja waya naweza, na nawahi. Kama Jumamosi hii una kazi naomba nije."

Ujumbe mfupi, unasema uko wapi na lini uko huru, hauombi hela. Akanijibu siku mbili baadae, "njoo saa 5 vaa nyeusi". Ukiambiwa vaa nyeusi maana yake shati jeusi au tisheti nyeusi isiyo na maandishi, suruali nyeusi, na viatu vya raba vya kukimbilia. Mtu wa mitambo asionekane kwenye picha za watu.

Malipo ya siku hiyo yalikuwa 15,000 na sahani ya pilau. Bei zinatofautiana na mtu na shughuli, ila uliza kabla ya siku yenyewe, uliza na nauli ya kurudi usiku, maana shughuli ikiisha saa sita usiku afu mnapakia mpaka saa nane, bodaboda ya kurudi inaweza kula nusu ya hiyo hela. Mimi siku ya kwanza sikuuliza, nikalala kwenye kirikuu juu ya vitambaa vya kufunikia spika.

Kitu cha kwanza cha kujua ni waya, sio miksa

Kila mtu anayeanza anataka kushika miksa. Achana nayo. Mwenye vyombo anakupima kwa jinsi unavyokunja waya, na sio utani. Waya wa maiki ndani una nyuzi nyembamba za shaba zimezungushiwa wavu. Ukiukunja kwa kuuzungusha kwenye kiganja na kiwiko kama kamba ya ng'ombe, kila mzunguko unausokota upande ule ule, baada ya miezi michache nyuzi zinakatika ndani kwa ndani, afu usiku wa shughuli maiki inakwarua na hakuna anayejua kwa nini. Namna nzuri ni duara moja unaliweka kawaida, linalofuata unaligeuza mkono kwa ndani, moja hivi moja vile, ili msokoto wa kwanza ufutwe na wa pili. Ukiurusha waya uliokunjwa hivyo unafunguka wote umenyooka bila fundo. Jifunze nyumbani na kamba yoyote, jioni mbili zinatosha, na ukifika kazini ukakunja hivyo mwenye vyombo ataona bila wewe kusema.

Cha pili ni kujua waya upi unaenda wapi kwa kuangalia kichwa chake. Kenoni, ile ya mduara yenye pini tatu, ni ya maiki na ya kutoka kwenye miksa kwenda kwenye spika. Jeki kubwa ni ya gitaa na kinanda. Jeki ndogo ni ya simu na laptopu. Hizo zinakutosha kwa mwezi wa kwanza.

Cha tatu, umeme. Ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu lazima uifungue yote hata kama unahitaji mita tano tu, kwa sababu ikiwa imejikunja na inapitisha umeme mwingi inapata joto, plastiki inayeyuka. Na plagi zetu za pini tatu nene zina fyuzi ya ampia 13, kwa umeme wa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000, sasa mama wa chakula akija akachomeka birika lake la wati 2,000 kwenye ekstensheni yako, ukichanganya na vyako mnakaribia ukingoni. Soketi ya mitambo iwe ya mitambo peke yake. Miksa na spika zote zitoe umeme sehemu moja, ukitoa miksa upande huu na spika upande ule unaweza kupata ule muungurumo wa "mmmmm" usioisha. Watu wengine wanakata pini ya ethi ili muungurumo uishe, usifanye hivyo kamwe. Mtu ameshika maiki ya chuma mkononi, hiyo pini ndo inayomlinda.

Njia ya waya ipite ukutani, na pale inapovuka sehemu watu wanapopita ibandike chini na tepu pana urefu wote, sio vipande vipande. Wamama wanavaa viatu virefu na magauni yanayoburuta, na wakianza kuserebuka kuelekea mbele na zawadi hawaangalii chini.

Mpangilio wa kuwasha: miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima: spika kwanza, miksa mwisho. Ukikosea utasikia "PUUU" na kila mtu ukumbini atageuka, na siku ikiwa mbaya umeua twita ya watu, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba.

Kwa nini maiki inalia na unafanyaje

Hapa ndo penye kazi yenyewe, nitakaa kidogo.

Maiki ikilia ule mluzi, maana yake sauti inayotoka kwenye spika inarudi kwenye maiki, inaongezwa tena, inatoka, inarudi, mzunguko. Haina maana kwamba maiki ni mbovu. Sababu inakuwa moja kati ya chache tu. Spika ziko nyuma ya anayeongea zinamwangalia mgongoni, au mtu ametembea na maiki mpaka mbele ya spika, au ameshika maiki kwa kukifunika kichwa chake kama wasanii wa hip hop, au anaongea mbali mno na wewe ukalazimika kuongeza sauti mpaka mwisho.

Ya kwanza unaimaliza mchana. Spika zikae mbele ya pale mshereheshaji atakaposimama, yaani yeye awe nyuma ya mstari wa spika na spika ziangalie wageni. Stendi zipandishe mpaka twita ipite juu ya vichwa vya watu waliokaa, kwa sababu miili ya watu inameza trebo, zile sauti nyembamba za juu. Ukiweka spika chini meza mbili za mbele zitapasuka masikio na meza za nyuma zitasikia besi tu bila maneno. Ukumbi ukijaa sauti itabadilika, ile uliyopanga mchana ukumbi mtupu unaitika kama pipa, usiku itakuwa kavu na utahitaji kuongeza, kwa hiyo mchana bakiza nafasi ya kuongeza.

Sasa geini, kile kitufe cha kuzungusha kinachopandisha sauti ya maiki inapoingia kwenye miksa. Feda, vile vya kusukuma juu na chini, zote ziwe chini, washa maiki, mtu aongee kwa nguvu ile ile atakayotumia usiku, sio "alo alo" ya kunong'ona. Panda geini taratibu mpaka taa ya kijani icheze na nyekundu isiwake kabisa, ndo upandishe feda. Kama miksa ina kitufe cha kukata besi ya chini, kile cha 80 Hz, kiwashe kwenye maiki zote za kuongea, inaondoa vishindo vya mkono na upepo. Wanaoanza wanafanya kinyume, wanaacha geini chini sana afu wanasukuma feda mpaka juu, au geini juu mpaka inakwaruza afu wanashusha feda, sauti inakuwa ndogo lakini bado inakwaruza na hawaelewi.

Usiku maiki ikianza kulia, usikimbilie kuzima. Shusha feda ya hiyo maiki moja kidogo, upana wa kidole, mluzi utakata na mtu ataendelea kuongea bila hata kujua. Ukizima yote mshereheshaji anabaki anatikisa mdomo na hapo umemuaibisha. Kama mluzi ni mwembamba wa kuchoma masikio, punguza trebo ya hiyo chaneli. Kama ni mzito unaovuma kama filimbi ya meli, punguza mid, yaani sauti za kati, au besi.

Wazee ni somo lao peke yao. Baba mkubwa akipewa maiki ataishika kitovuni. Maiki ikitoka sentimita 5 kutoka mdomoni ikaenda 20, sauti inayoingia inabaki kama robo tu, kwa hiyo hata ufanye nini kwenye miksa utapata mluzi kabla hujapata maneno. Dawa ni kwenda pale alipo, kwa heshima, unainama kidogo, "Shikamoo baba, samahani, naomba uisogeze mdomoni kidogo," na unamsaidia mkono. Bora zaidi ni kumwambia wakati unamkabidhi. Na maiki ya wayalesi mkabidhi ikiwa imeshawashwa, na kale kaswichi kabandike kipande kidogo cha tepu ili asikazime kwa bahati mbaya. Hako kakipande ka tepu kamenisaidia kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Wewe unawasha na kuzima kwa feda, mtu mwingine yeyote asiguse swichi.

Wayalesi nazo zina vituko vyake. Betri mpya kila shughuli, za alikalaini, zile zilizobaki nusu za jana weka kwenye rimoti ya nyumbani. Risiva iwe juu usawa wa vichwa na uione maiki kwa macho yako, usiifiche chini ya meza nyuma ya kitambaa, miili ya watu inazuia mawimbi. Afu zile maiki za bei rahisi zisizobadilishwa masafa, mkiwa kumbi mbili zinapakana na wote mna maiki za aina moja, unaweza ukasikia mshereheshaji wa jirani anatangaza keki kwenye spika zako. Nimeona kwa macho yangu, bibi harusi wa kwetu akaanza kutafuta keki. Kwa hiyo mchana zima maiki zako, acha risiva imewashwa na feda juu, sikiliza dakika kumi kama kuna mtu anaingia. Na siku zote weka maiki moja ya waya pembeni imeshachomekwa na kupimwa, hiyo haina betri wala masafa.

Ratiba ndo bosi

Muombe mshereheshaji nakala ya ratiba mapema, au piga picha ya ile aliyo nayo mkononi. Sendofu ina mpangilio ambao ukishaufanyia kazi mara tatu unaujua, kuingia kwa bibi harusi mtarajiwa na wapambe wake, sala, utambulisho wa familia, keki, shampeni, chakula, zawadi, nasaha, shukrani, afu mziki unafunguliwa. Kila kipengele kina wimbo wake, na familia imechagua wimbo wa kuingilia wiki tatu zilizopita na hawatakusamehe ukikosea. Nyimbo hizo zishushe zikae ndani ya laptopu, na nakala kwenye flashi na kwenye simu. Usitegemee bando. Simu inayopiga mziki iwe kwenye hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga na ukumbi mzima utasikia inaita.

Kuna vitu havipo kwenye ratiba lakini vinakupima. Sala ikianza, hata kama ni fupi ya chakula, mziki uwe umekata kabisa, sio umepungua. Shughuli ikiwa mchana na msikiti upo karibu, adhana ikianza shusha mziki bila kusubiri kuambiwa. Wakati wa chakula mziki uwe wa chini kiasi kwamba watu wawili wanaongea bila kupaza sauti. Laptopu ikiwa na muungurumo mwembamba, chomoa chaja yake, mara nyingi unapotea hapo hapo, hakikisha tu betri imejaa kabla.

Na ongea na mpambaji ukifika. Yeye kafika kabla yako na pazia lake linaweza kuwa limefunika soketi zote, au atakuja baadae afunike spika zako na kitambaa kizito ili zifanane na rangi ya shughuli, trebo yote inabaki kwenye kitambaa. Mwambie mapema spika zitakaa wapi, muulize kama zinaharibu picha ya mbele, mkubaliane. Nimepata kazi mbili kutoka kwa wapambaji kwa sababu tu sikugombana nao.

Shughuli yangu ya kwanza mwenyewe, na mahesabu yake

Nilibeba vyombo miezi kama mitano. Kazi ya kwanza yenye jina langu ilikuwa kipaimara, nyumbani kwa watu huko Kimara, uani chini ya tenti, wageni 70. Hiyo ndo aina ya kazi unayoitafuta mwanzoni. Usitafute harusi. Wenye vyombo vikubwa hawataki kuwasha gari kwa ajili ya watu 70, na hiyo nafasi ndo yako, vipaimara na ubarikio, bethidei, mahafali ya chekechea, vikao vya familia, maulidi ya nyumbani. Mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne yanabanana kuanzia Agosti mpaka Oktoba hivi, Desemba ni harusi juu ya harusi, na kipindi cha Kwaresma na Ramadhani kazi zinakauka. Ukitaka kufundishwa miksa vizuri nenda kipindi hicho cha ukame, mwenye vyombo anakuwa anafungua spika na kutengeneza waya na ana muda wa kuongea.

Hiyo kazi niliipata kwa mama mmoja jirani yake mama yangu mdogo, aliuliza "mna mtu wa mziki wa bei nafuu?" Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, eti unafanya mziki?"

"Ndio mama. Wageni wangapi, na ni ndani au nje?"

"Sabini hivi. Uani. Shilingi ngapi?"

Nikasema 120,000 papo hapo kabla sijapiga hesabu, na hilo ndo kosa langu la kwanza. Hesabu ilikuja hivi. Vyombo nilikodi kwa bosi wangu, spika mbili za inchi 12 zenye ampu ndani, stendi, miksa ndogo, maiki mbili za wayalesi na moja ya waya, akanifanyia 70,000. Bajaji ya mizigo kwenda na kurudi 20,000. Betri 6,000. Tepu 3,000. Kijana wa kunisaidia 10,000. Jumla 109,000. Nikabaki na 11,000 kwa siku nzima. Siku hizi nikiulizwa bei najibu, "Mama naomba nikupigie baada ya nusu saa," naandika hizo gharama kwenye karatasi, naongeza hela yangu na ya dharura, ndo natamka. Hamna mteja aliyewahi kukataa nusu saa.

Kosa la pili sikwenda kuangalia sehemu. Ukienda siku moja kabla unaona tenti itasimama wapi, soketi iko umbali gani, jirani ana mgonjwa au la, na geti linapitisha bajaji. Mimi nilifika Jumapili saa tatu asubuhi wakati wapo kanisani, soketi iko sebuleni mita 25 kutoka kwenye tenti, na ekstensheni yangu ilikuwa ya mita 15. Nikaazima ya jirani. Nikafungua zote mbili mpaka mwisho, pale zilipoungana nikapaning'iniza juu ya kiti nikafunga na mfuko wa plastiki, maana uani kuna maji ya kuoshea vyombo.

Wageni walianza kuingia saa saba. Mshereheshaji alikuwa mjomba wa mtoto, mwalimu, mtu wa maneno mengi. Nilimpa maiki mapema, nikampa dakika mbili azoee, nikamwambia "mjomba usipite mbele ya hizi spika mbili, kaa huku kwenye zulia, huku uko salama." Akakaa kwenye zulia shughuli nzima. Upepo ulikuwa unaingia kwenye maiki inavuma, nikavalisha kichwa kile kisponji, ikatulia.

Saa kumi kasoro, katikati ya zawadi, kila kitu kikazima. Nikajua nimeunguza. Nikagusa spika, za baridi, nikaangalia nyumba ya jirani, friji lao linawaka. Kwa hiyo sio umeme wa mtaa. Nikaenda kwenye mita, LUKU imeisha uniti. Spika mbili za namna hiyo kwa mziki wa kawaida pamoja na miksa, kwa saa sita, haziendi mbali na uniti mbili, lakini jikoni kulikuwa na birika na friji ya kukodi ya soda toka asubuhi. Mwenye nyumba akatafuta simu, akanunua, namba ikachelewa kuja, dakika kama ishirini. Kwa bahati mjomba ni mwalimu, akapaza sauti akaimbisha watu mapambio bila maiki mpaka umeme ukarudi. Wakati wanaimba mimi nilishusha feda zote na kuzima spika, ili umeme ukirudi usipige ule mlio wa puu na watoto wamekaa pale mbele.

Toka hapo, swali langu la kwanza nikifika nyumbani kwa mtu baada ya salamu ni "naomba tuangalie LUKU ina uniti ngapi", na kama ni kumbi nauliza jenereta lipo na nani analiwasha.

Namna ya kuandika makubaliano na kupata ya pili

Mkataba wa kurasa hamna, ila watsapu ipo. Baada ya kukubaliana kwenye simu natuma ujumbe mmoja: tarehe, mahali, saa ninayofika na saa ya kuzima mziki, vyombo ninavyoleta kwa idadi, bei, kiasi kilicholipwa na kilichobaki. Nusu inalipwa kabla ili nikodi vyombo, iliyobaki inalipwa kabla chakula hakijatoka. Sio baada ya shughuli. Baada ya shughuli mtunza hazina ameshaondoka, bwana harusi yuko hotelini, na wewe unabaki na shemeji mmoja mlevi anayekuambia "kesho tutaongea". Nilikaa miezi miwili nafuatilia 60,000 ya namna hiyo na sikuipata yote. Muda wa kuzima mziki nao uandike, ukumbi una saa yake ya mwisho na ikifika utazimiwa umeme katikati ya wimbo, wakati familia inakuambia ongeza nusu saa.

Kazi ya pili niliipata palepale kwa yule mjomba. Sikumpa kadi wala sikumpigia debe. Shughuli ilipoisha nilimpelekea maji, nikamuuliza maiki alikuwa anaisikiaje mwenyewe pale aliposimama. Akasema upande wa kushoto alikuwa hajisikii vizuri. Nikaandika kwenye simu mbele yake. Wiki mbili baadae akanipigia, shuleni kwao wana mahafali, watoto 140 na wazazi, uwanjani, bei nitaje mwenyewe.

Nikamwambia mjomba, naomba nikupigie baada ya nusu saa, na kabla ya hapo niambie hiyo soketi iko umbali gani na jukwaa.